Je, Wajua? Mabao 2 kwa Kona 5 Si Asilimia 40

Tarehe 5 Agosti 2021, uwanja wa Oi, Tokyo. Mechi ya kuwania shaba ya Olimpiki katika mpira wa magongo imebakiza sekunde 6 na ushei. India inaongoza kwa mabao 5 dhidi ya 4 ya Ujerumani. Mwamuzi ananyoosha mikono yote miwili kuelekea goli: kona ya adhabu kwa Ujerumani, ile ambayo wachezaji wengi huiita kona fupi. Mpira unasukumwa, unasimamishwa, unapigwa, na kipa wa India, P. R. Sreejesh, anauzuia. Filimbi inalia. India imepata medali yake ya kwanza katika mchezo huu baada ya miaka 41, na Sreejesh anapanda juu ya goli na kuketi pale.

Katika mechi ile Ujerumani ilipata kona fupi 13 na ikafunga 1 tu. Ukimsikia mtu akisema mbinu za Wajerumani hazikufaa, au kwamba wangerudi nyumbani wakafanye mazoezi ya mbinu nyingine, mwambie asubiri kidogo. Kona 13 zinaweza kusema machache sana, na tukifika mwisho wa safu hii utakuwa umejihesabia mwenyewe ni machache kiasi gani.

Je, wajua kona fupi ni nini hasa?

Ni adhabu inayotolewa beki anapofanya kosa ndani ya duara la goli lake, au anapokusudia kosa akiwa ndani ya eneo la mita 23. Mpira huwekwa kwenye mstari wa nyuma, angalau mita 10 kutoka mlingoti wa goli ulio karibu. Msukumaji huutoa kuelekea juu ya duara, na washambuliaji wenzake husubiri nje ya duara. Upande wa walinzi hawazidi 5, kipa akiwemo, nao husimama nyuma ya mstari wa nyuma wa uwanja. Wengine wote wa timu yao wako ng'ambo ya mstari wa katikati ya uwanja. Mpira sharti utoke kwanza nje ya duara ndipo bao liweze kuhesabiwa.

Kwa hiyo, kwa sekunde chache, watu 5 wanakabiliana na kundi la washambuliaji ambalo linaweza kuwa kubwa maradufu, na kila mmoja anajua mpira unaanzia wapi. Hakuna nafasi nyingine ya mchezo huu inayopangika kiasi hicho, na ndiyo maana timu hutunga mbinu, huzipa majina ya siri na kuzifanyia mazoezi wiki nzima. Swali gumu hubaki moja: kati ya mbinu zote hizo, ipi ipewe muda wa mazoezi?

Je, wajua kwamba urefu wa ubao mmoja ndio uliozaa mfalme wa mbinu hizi?

Goli la magongo lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14. Chini yake kuna ubao wa kimo cha milimita 460, usiofika hata goti la watu wengi. Kanuni inasema kwamba shuti la kwanza la kona fupi likiwa la kugonga, yaani gongo limebembea likaupiga mpira, basi mpira lazima uvuke mstari wa goli bila kuzidi kimo cha ubao huo. Mpira uliosukumwa au uliorushwa bila kugongwa hauna kikomo hicho, mradi usiwe wa hatari.

Hapo ndipo ilipoingia fliki ya kuburuta. Mpigaji hukaribia kwa hatua ndefu, huuweka mpira kwenye shina la gongo lake, huuburuta huku mwili umeinama karibu na ardhi, kisha huuachia kwa mzunguko wa nyonga na mikono. Mpira hautoi mlio wa kugongwa, lakini huenda kwa kasi kubwa na unaweza kulenga pembe ya juu. Kipa aliyekuwa akilinda sentimita 46 za chini sasa ana mita 2.14 za kulinda. Sohail Abbas wa Pakistani alijenga jina lake juu ya pigo hili na kufikisha mabao 348 ya kimataifa. Gonzalo Peillat aliitumikia Argentina kwa pigo hilohilo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akamaliza mfungaji bora kwa mabao 11 na timu yake ikatwaa dhahabu.

Je, wajua kwamba mbinu zote hushindania nusu sekunde?

Tuchukue vipimo. Mpira uko mita 10 kutoka mlingoti, na katikati ya goli ni mita 1.83 zaidi. Juu ya duara ni mita 14.63 kutoka mstari wa nyuma. Ukipiga hesabu ya pembetatu, msukumo kutoka pale hadi juu ya duara, mbele ya katikati ya goli, ni karibu mita 19. Mpira ukienda kwa wastani wa mita 15 kwa sekunde, utafika baada ya sekunde 1 na robo hivi. Kwa muda huo mkimbiaji wa kwanza wa walinzi, yule anayetoka mbio moja kwa moja kumkabili mpigaji, huwa ameshakata mita 5 au 6. Fliki ikiachiwa mita 13 kutoka goli kwa mwendo wa mita 25 kwa sekunde, kipa ana karibu nusu sekunde ya kuamua.

Sasa angalia mbinu nyingine zinafanya nini na nusu sekunde hiyo. Mbinu ya kuteleza: mtegaji anausimamisha mpira, lakini badala ya mpigaji kuburuta, mpira unasogezwa mita chache kushoto au kulia kwa mtu wa pili. Kipa na mkimbiaji wameshajitoa kuelekea mpigaji wa kwanza, hivyo goli linafunguka upande mmoja. Gharama yake ni sehemu ya sekunde, na katika sehemu hiyo mkimbiaji anapunguza mita nyingine 2.

Mbinu ya kugusa: mpira unapigwa chini, kwa makusudi nje kidogo ya mlingoti, na mshambuliaji aliyekimbilia hapo anaugusa ubadili njia. Mbinu ya kurudisha: mpira unarudishwa kwa msukumaji mwenyewe, ambaye baada ya kusukuma ameingia uwanjani na sasa yuko karibu na goli, mahali ambapo macho ya walinzi yameshamwacha. Na kuna ya vituo viwili: washambuliaji wanajipanga makundi mawili juu ya duara, msukumaji anachagua la kupelekea, na mkimbiaji wa kwanza hajui aelekee wapi mpaka mpira uondoke.

Jambo la kushika ni hili: kila mbinu isiyo fliki ya moja kwa moja inanunua nafasi kwa kulipa muda na kuongeza mkono mmoja zaidi unaoweza kukosea.

Je, wajua daftari la kocha linaweza kumdanganya bila kuandikwa uongo hata mmoja?

Katika mashindano makubwa, timu nzuri hufunga takriban kona fupi 1 kati ya 4 au 5. Tutumie 1 kati ya 5, yaani asilimia 20, tujenge mfano. Hii ni timu ya mfano tu, nimeitunga ili hesabu zionekane waziwazi.

Timu imecheza mechi 12 na kupata kona 60. Kocha ameandika kila moja. Fliki ya moja kwa moja ilitumika mara 40, mabao 8. Kuteleza kushoto mara 5, mabao 2. Kugusa mlingotini mara 5, bao 1. Kurudisha kwa msukumaji mara 5, bao 1. Vituo viwili mara 5, bila bao. Jumla mabao 12 kwa kona 60.

Kocha anageuza namba kuwa asilimia: fliki 20, kuteleza 40, kugusa 20, kurudisha 20, vituo viwili 0. Ukizitazama hivyo, uamuzi unaonekana wazi: mazoezi yahamie kwenye kuteleza, na vituo viwili vifutwe. Kila namba ni ya kweli. Uamuzi ndio usio na msingi.

Je, wajua maharage 10 yanaweza kukuonyesha kwa nini?

Tafuta mfuko mdogo usioonesha ndani. Tia maharage 10 ya ukubwa mmoja: 2 mekundu, 8 meupe. Jekundu ni bao. Chomoa moja bila kutazama, andika, lirudishe, tikisa, chomoa tena. Ukifanya mara 5 umemaliza mbinu ya kwanza. Fanya hivyo mara 4, kama vile una mbinu 4, kila moja kona 5.

Mfuko ni uleule na maharage ni yaleyale. Kwa hiyo mbinu zako zote 4 zina uwezo uleule wa asilimia 20, hakuna iliyo bora. Hata hivyo, uwezekano wa mbinu moja kupata mabao 2 au zaidi kwa kona 5 ni asilimia 26. Na uwezekano kwamba angalau moja kati ya zote 4 itafika hapo ni asilimia 70. Kwa maneno mengine, kocha mwenye mbinu 4 zinazolingana kabisa ataona "bingwa" wa asilimia 40 au zaidi katika misimu 7 kati ya 10. Na mbinu yoyote moja kati ya hizo ina uwezekano wa asilimia 33 wa kutoka bila bao katika majaribio yake 5, bila kosa lolote.

Ukimpata "bingwa" huyo msimu huu, msimu ujao kwa wastani atarudi kwenye asilimia 20 kama wenzake. Kocha atadhani wapinzani wameisoma mbinu yake, au wachezaji wamelegea, kumbe hakuna kilichobadilika isipokuwa bahati.

Je, wajua asilimia 40 ya kona 5 inaweza kuwa na maana ya asilimia 12?

Watu wa takwimu hawatoi namba moja, hutoa masafa. Kwa njia ya kawaida ya kukadiria uwiano, inayolenga kupatia mara 95 kati ya 100, mabao 2 kwa kona 5 yanaafikiana na uwezo wowote kuanzia asilimia 12 hadi 77. Mabao 8 kwa kona 40 yanaafikiana na uwezo wa kuanzia asilimia 10 hadi 35.

Ziweke sambamba. Masafa ya fliki karibu yote yamemezwa na masafa ya kuteleza. Kuteleza kunaweza kuwa bora sana, kunaweza kuwa sawa, na kunaweza kuwa duni, na daftari haliwezi kukuambia ni lipi. Ndiyo maana "40" bila "5" pembeni yake ni nusu ya habari. Hali ni hiyohiyo kwa mbinu inayokosa. Hata ikishindwa mara 10 mfululizo, bado huwezi kufuta wazo kwamba uwezo wake ni asilimia 25. Sembuse kuitupa mbinu baada ya kuijaribu mara 4.

Je, wajua basi Wajerumani wa Tokyo walikuwa wabovu kiasi gani?

Turudi Oi. Tuseme uwezo halisi wa Ujerumani dhidi ya ulinzi wa aina ile ulikuwa asilimia 20. Uwezekano wa kupata bao 1 au kukosa kabisa katika kona 13 ni asilimia 23, karibu siku 1 kati ya 4. Ukiwapa uwezo mkubwa zaidi wa asilimia 25, bado siku kama ile hutokea mara 13 kati ya 100. Si jambo la ajabu. Siku moja mbaya ya kona 13 haitoshi kuitofautisha timu kali na timu ya kawaida, sembuse kutofautisha mbinu 3 au 4 zilizogawana kona hizo.

Haimaanishi kwamba yote yalikuwa bahati. India ilikuwa na Sreejesh golini, na ilikuwa na Amit Rohidas, mkimbiaji wa kwanza aliyekuwa akitoka mstarini bila kuogopa mpira na kuiziba njia ya fliki kwa mwili na gongo lake. Hilo ni jambo la kuonekana kwa macho, na kocha wa upande wa pili angeweza kulitumia: mkimbiaji anayetoka kwa kasi kumwelekea mpigaji ndiye hasa anayeadhibiwa na mpira wa kuteleza. Lakini angeliamua hivyo kwa kumtazama Rohidas anavyokimbia. Ile 1 kwa 13 peke yake isingempa jibu hilo.

Je, wajua ingechukua misimu mingapi kuthibitisha?

Tuseme kweli mbinu moja ina asilimia 20 na nyingine 30. Ni tofauti kubwa: kwa kona 100 za msimu, ni mabao 10 ya ziada. Ili uwe na nafasi ya mara 8 kati ya 10 ya kuigundua tofauti hiyo kwa vigezo vya kawaida vya takwimu, unahitaji karibu kona 290 kwa kila mbinu, jumla 580. Timu inayopata kona 5 kwa mechi na kucheza mechi 20 kwa msimu ina kona 100. Hiyo ni karibu misimu 6, na katika misimu 6 mpigaji amestaafu, mtegaji amehamia klabu nyingine na mbinu yenyewe imeshajulikana mjini kote.

Tofauti ikiwa ya kutisha, asilimia 20 dhidi ya 40, bado unahitaji karibu kona 80 kwa kila upande. Kwa hiyo ni nadra timu ya klabu kupata jibu hili kutoka kwenye mabao ya mechi. Kukubali hilo mapema kunamwokoa kocha na miaka ya kukimbiza kivuli.

Je, wajua kwamba mbinu adimu huishi ndani ya kivuli cha fliki?

Hata kama ungepata kona 290, tatizo la pili lingekungoja. Kocha hachagui mbinu kwa kurusha sarafu. Kuteleza hutumika pale mkimbiaji amezoea kumvamia mpigaji, labda baada ya fliki 4 mfululizo, labda dhidi ya timu dhaifu. Mabao yake 2 kwa 5 yamepatikana katika mazingira yaliyochaguliwa. Ukianza kuitumia kila kona ya pili, walinzi wataacha kumvamia mpigaji na nafasi ile itafungwa. Asilimia yake itashuka kwa sababu umeiongezea matumizi, na ya fliki huenda ikapanda, maana mkimbiaji sasa anasitasita.

Kuna pia suala la nini kinahesabiwa. Fliki ikimgonga mkimbiaji mguuni, timu hupewa kona nyingine. Je, ya kwanza imeshindwa? Kipa akipangua na mwenzako akaumalizia mpira uliorudi, je, bao ni la mbinu au la bahati? Daftari linaloandika "bao" na "si bao" tu huinyima fliki sehemu ya mavuno yake, kwa sababu shuti kali linalolenga goli huzaa mipira ya kurudi na kona za marudio zaidi kuliko pasi iliyokatika njiani. Andika matokeo manne: bao, mpira uliorudi ukawa bao, kona nyingine au penalti, na kupotea. Kisha fuata mnyororo mzima mpaka shambulio liishe.

Je, wajua sampuli kubwa ipo, ila si pale unapoitafuta?

Ipo mazoezini, ukivunja kona vipande vipande. Bao ni tukio adimu, lakini msukumo, usimamishaji, pasi na shuti hutokea kila mara. Kwa jioni moja unaweza kupata misukumo 50, na misukumo 40 mizuri kati ya 50 inakupa masafa ya asilimia 67 hadi 89. Si finyu sana, ila ni habari tofauti kabisa na ile ya kona 5, na wiki ijayo utaiongeza mara mbili.

Tazama mnyororo wa fliki katika timu yetu ya mfano. Msukumo unafika sawa mara 90 kati ya 100. Mtegaji anausimamisha vizuri mara 90. Shuti linalenga goli bila kumgonga mkimbiaji mara 60. Zidisha: 0.9 mara 0.9 mara 0.6, unapata karibu 0.49. Sasa kuteleza. Msukumo 90, kusimamisha 90, pasi ya kuteleza 80, shuti la mtu wa pili 75 kwa sababu mbele yake pamefunguka. Zidisha: 0.9 mara 0.9 mara 0.8 mara 0.75. Unapata 0.49 ileile.

Mbinu mbili zenye sura tofauti zinaleta mashuti sawa golini. Lakini sasa unajua cha kufanyia kazi. Pasi ya kuteleza ikipanda kutoka 80 hadi 90, mnyororo wake unafika karibu 0.55, na hilo unaweza kuliona likitokea mazoezini ndani ya wiki chache. Ukiona msukumo ndio mbovu, hakuna mbinu itakayokuokoa, maana zote huanzia hapo, na saa ya mazoezi ya msukumaji na mtegaji inazifaidisha mbinu zote 5 kwa pamoja.

Mipaka yake ni hii: mazoezini hakuna mpinzani wa kweli. Kwa hiyo weka mkimbiaji anayetoka kwa kasi kamili akiwa amevaa kinga zake, weka kipa, na pima kwa saa ya simu muda kutoka mpira unapoondoka mstarini hadi unapoacha gongo la mpigaji. Muda ukirefuka mkimbiaji anapokuwepo, asilimia ulizopata bila yeye zilikuwa za mapambo.

Je, wajua kona 10 za kufikirika zinaweza kukutuliza?

Kama lazima uangalie mabao ya mechi, kuna njia rahisi ya kupunguza kelele. Kabla ya kugawanya, iongezee kila mbinu kona 10 za kufikirika zenye mabao 2, yaani kiwango cha kawaida cha asilimia 20. Mbinu yenye majaribio machache itavutwa karibu na kawaida, na yenye majaribio mengi itabaki karibu na ushahidi wake.

Katika daftari letu, kuteleza kwa 2 kati ya 5 kunakuwa 4 kati ya 15, asilimia 27. Vituo viwili, 0 kati ya 5, vinakuwa 2 kati ya 15, asilimia 13. Kugusa na kurudisha vinabaki 20. Fliki, 8 kati ya 40, inakuwa 10 kati ya 50, asilimia 20. Pengo lililokuwa 40 dhidi ya 0 sasa ni 27 dhidi ya 13, na hilo ndilo pengo ambalo kona 5 zina haki ya kulidai. Kuteleza kunastahili kujaribiwa zaidi. Vituo viwili havijahukumiwa kifo.

Basi ukiwa na saa moja ya kona fupi kwa wiki, igawe hivi. Nusu yake iende kwa msukumaji na mtegaji, kwa sababu kila mbinu inapita mikononi mwao. Sehemu kubwa ya iliyobaki iende kwenye fliki, au pigo la chini kama huna mpigaji wa fliki, maana ndiyo itakayotumika mara nyingi. Kilichosalia kigawe kwa mbinu 2, si 5, na uchague zile zinazoanza sawasawa na fliki, ili mkimbiaji asijue tofauti mpaka achelewe. Na daftarini, kila unapoandika asilimia, andika pembeni yake imetokana na kona ngapi. Zikiwa chini ya 30, usimfukuze mtu nafasi yake kwa ajili ya namba hiyo.